Mrejesho: duka la vifaa vya ujenzi, nimebaki na mafundi bomba

Niliuliza hivi: "Duka langu lina wateja wa kila aina, mauzo makubwa, lakini hela ya kuongeza mzigo haipo. Nichague kundi moja au nitafute mkopo?"

Wakuu, mkopo sikuchukua. Mliniambia nipime kila kundi linashikilia mtaji kiasi gani na kwa muda gani. Mkandarasi anachukua saruji mifuko 100, mtaji wangu pale ni 1,500,000, faida 50,000, na analipa baada ya miezi miwili. Hela hiyohiyo kwenye koki na elbo, kwa faida ya asilimia 20, hata ikizunguka mara moja tu kwa mwezi inaleta 600,000 ndani ya miezi hiyo miwili. Na huyo mkandarasi ndiye niliyekuwa namwita bosi!

Ila kilichonishtua zaidi ni daftari la "hakuna", lile la kuandika kila kitu mteja alichokikosa dukani. Fundi bomba anakuja na orodha yake. Akikosa elbo moja ya nusu inchi anaondoka na orodha nzima. Elbo zilikosekana kwa sababu hela ilikuwa imelala kwenye vigae.

Vigae nimeviuza kwa bei ya kununulia. Saruji ipo, taslimu tu. Wakandarasi wawili wamenuna, mmoja bado ana deni langu, na mauzo ya jumla yameshuka kweli. Lakini rafu ya bomba naijaza kila wiki kwa hela ya dukani.

Anayejua kukopesha mafundi bila kuumia, anielekeze.