Naombeni ushauri: ramani ya maeneo ya zahanati imekaa kiajabu

Mshika_Kalamu: Wakuu habari za jioni. Nimepewa kazi ya kugawa vijiji kwa zahanati, kila kijiji kiende kwenye iliyo karibu. Nikaweka pointi kwenye QGIS, nikabonyeza `Voronoi Polygons`, poligoni zikatoka safi ila baadhi zimekaa kiajabu. Naweza kuisogeza mipaka kwa mkono? Bosi anaitaka Jumatatu, sijalala.

Baba_Tatu: Tatizo ni projeksheni mkuu. Umeacha digrii, badili iwe EPSG:32736 halafu rudia.

Mama_Rasta: Mimi naishi jirani kabisa na zahanati na siendi, dawa hakuna. Ramani itanisaidia nini?

Fundi_Mipaka: Kubadili ni tabia nzuri, ila huko kwetu karibu na ikweta digrii ya kulala na ya kusimama zinakaribiana sana urefu, mstari hausogei hivyo. Mleta mada, "kiajabu" maana yake nini? Pointi ziko wapi?

Mshika_Kalamu: Mwanza huku. Kuna poligoni ndefu tu.

Fundi_Mipaka: Ndefu kuelekea wapi? Sema yote.

Mshika_Kalamu: Sawa. Zahanati ziko pande zote mbili za ghuba, Misungwi na Sengerema. Poligoni ya moja ya Sengerema imevuka maji ikachukua kijiji cha Misungwi. Lakini kwa mstari ulionyooka ndiyo iliyo karibu kweli, na ramani nimeshaiprinti, siwezi kuanza upya.

Fundi_Mipaka: Hapo ndipo penyewe. Nipe umbali.

Mshika_Kalamu: Kijiji hadi zahanati ya ng'ambo kilomita 5, hadi ya upande wake 8.

Fundi_Mipaka: Basi kama viko karibu kwenye mstari mmoja, zahanati hizo zimeachana kama 13, na mpaka hupita katikati kabisa, 6.5 kutoka kila moja. Maana yake mstari umeruka maji, umepanda nchi kavu ukapita kilomita 1.5 nyuma ya kijiji. Chombo hakijakosea, hakijui tu kwamba kuna ziwa. Usisogeze kwa mkono, kesho mtu akiuliza kwa nini umesogeza hapa na pale hujasogeza utajibu nini? Ongeza safu ya `upande` kwenye jedwali la zahanati, chuja hivi:

```
"upande" = 'mashariki'
```

Tengeneza poligoni, kisha chuja magharibi urudie, halafu kila fungu likate kwa nchi kavu ya upande wake tu. Na ile bafa ya chombo usiiache 0, vijiji vya pembeni vitabaki nje ya poligoni zote.

Kijana_wa_Kivuko: Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa 2025, hiyo habari ya ng'ambo imepitwa. Zamani tulilala foleni ya kivuko, nakumbuka siku moja na mbuzi wa mahari...

Fundi_Mipaka: Daraja ni sehemu moja, ghuba ni ndefu. Aliye jirani na daraja, sawa, huyo umpime kwa barabara.

Mshika_Kalamu: Kuzunguka hadi darajani na kurudi ni kama 40.

Mzee_Kipimo: Wakuu hii chai. Jamaa katuma jedwali kwenye uzi mwingine jana, nimelifungua, zahanati tatu zina kordineti zile zile mpaka desimali ya mwisho. Hakuna mradi hapa, huyu ni mwanachuo anatafuta majibu ya mtihani.

Mama_Rasta: 😂😂 chai ya maziwa

Mshika_Kalamu: Sio chai jamani! Nesi wa Sengerema kanipigia leo anauliza kama ofisi itamnunulia mtumbwi. Hizo tatu hazikuwa na GPS, nikaziweka katikati ya kata, ni makadirio tu.

Fundi_Mipaka: Ulipaswa kuanza na hilo. Pointi tatu mahali pamoja chombo hakiwezi kuzitenganisha, hesabu poligoni zako uone kama zinalingana na zahanati. Na mipaka yote inayozizunguka hizo ni ya kubuni, hata ukigawa pande mbili.

Mshika_Kalamu: Hakuna hela ya kwenda site.

Dada_wa_Zamu: Mwambie mhudumu asimame mlangoni akutumie lokesheni kwa simu, dakika mbili. Halafu fungua kitabu cha MTUHA, kila mgonjwa ameandikiwa anakotoka. Kwetu watu wa kijiji jirani wanatupita wanaenda kituo cha afya kwa sababu kina maabara. Hakuna poligoni itakayokuonyesha hilo.

Baba_Tatu: Projeksheni pia abadili lakini.

Mshika_Kalamu: Wawili wametuma lokesheni. Wa tatu hapokei simu. Poligoni zilikuwa 19, zahanati 21.