Samsung A au Redmi: ipi haizimi bakapu ya picha kimyakimya?

BintiPwani
Wakuu, habari za leo. Wiki hii namnunulia mama simu na nimebaki na mbili: Samsung ya mfululizo wa A, au Redmi. Shida yangu ni moja tu, picha zake zipande wingu zenyewe bila yeye kugusa kitu. Simu aliyonayo iliacha kupandisha bila kutoa taarifa yoyote, tumekuja kugundua baadaye sana. Kati ya hizi mbili, ipi haina tabia hiyo?

FundiKelele
Dada, hujasema mambo ya msingi. Anatumia apu gani ya bakapu? Android toleo gani? Nyumbani kuna waifai au anatumia bando? Simu anaichaji saa ngapi? Bila hayo tutapiga ramli.

Mzee wa Chaji
Redmi, usijiulize mara mbili. Yangu inamaliza siku nzima na chaji inaingia haraka mno. Mama atafurahi.

FundiKelele
Mzee wangu, hajauliza chaji inakaa muda gani. Anauliza picha.

BintiPwani
Samahani, haya hapa: Google Photos, Android 12, waifai ipo muda wote, anachaji usiku akilala. Kiokoa Betri anapenda kukiwasha. Apu yenyewe haifungui kabisa, picha anaziangalia kwenye galari ya simu.

Baharia_7
Si umeshajijibu? Zima Kiokoa Betri. Ukichukua Redmi, fungua orodha ya apu za karibuni, ishikilie Google Photos, uiwekee kufuli. Kwisha kazi.

FundiKelele
Baharia, hiyo ni nusu ya habari. Kiokoa Betri kweli kinazuia apu kufanya kazi chinichini, lakini kwenye Android ya kawaida kinajizima simu ikichomekwa kwenye chaji. Mama anachaji usiku na waifai ipo, kwa hiyo picha zilipaswa kupanda usiku huo hata kama mchana kiliwashwa. Hazikupanda. Mimi namshuku mwingine: *apu haifunguliwi kabisa*.

Tangu Android 9, mfumo unazipanga apu kwa jinsi unavyozitumia, na ile usiyoigusa inapewa nafasi chache sana za kufanya kazi chinichini. Android 11 ikaongeza kuinyang'anya ruhusa apu isiyofunguliwa kwa miezi kadhaa, ikiwemo ya kusoma picha, na Android 12 ikaongeza kuilaza kabisa. Juu ya hayo kila mtengenezaji anaweka kizuizi chake. Samsung ina `Sleeping apps` na `Deep sleeping apps`. Apu ikiingia hiyo ya pili haifanyi lolote mpaka uifungue kwa mkono. Redmi ina `Autostart`: ikizimwa, apu ikishauawa inaweza isiamke yenyewe.

Bakapu ndiyo inaumia kuliko zote, maana ni apu unayoiwasha mara moja na kuisahau. Mfumo unaona haitumiki, unaifungia.

Rehema_wa_Juu
Ngoja niseme yaliyonikuta, kwa sababu hakuna aliyenionya. Simu yangu (kampuni siitaji) nilikuwa naikagua. Kila nikifungua apu ya bakapu naona inazunguka, picha zinapanda, baada ya muda inaandika imekamilika. Roho yangu ikatulia. Halafu nikawa na msimu mrefu wa kazi, sikuifungua tena. Katikati ya msimu huo mdogo wangu akaolewa, nikapiga picha za kutosha, na video ya bibi akicheza, ambaye hatunaye tena. Simu ikaingia maji ikafa palepale. Naingia kwenye akaunti kupitia kompyuta, picha ya mwisho kabisa ni ya siku niliyofungua apu mara ya mwisho. Baada ya hapo hakuna kitu. Harusi yote hakuna. Nikampelekea fundi, akashindwa kuiwasha. Kilichonikera ni kwamba bakapu ilikuwa imewashwa muda wote na hakuna hata ujumbe mmoja ulioniambia imesimama.

FundiKelele
Pole sana Rehema. Na umegusa penyewe. Ukifungua apu kuikagua, unaiamsha, inapandisha zilizorundikana, unaona kila kitu kiko sawa. Kipimo chenyewe kinaficha ugonjwa. BintiPwani, fanya hivi kwa simu ya zamani ya mama kabla ya kununua: piga picha tatu jioni, funga skrini, chomeka chaji waifai ikiwa hewani, *usifungue Google Photos*. Asubuhi ingia photos.google.com kwa kompyuta au simu nyingine yenye akaunti yake. Zikiwepo, inafanya kazi. Zisipokuwepo, imefungiwa.

Mwenye kompyuta anaweza pia kuuliza simu imeiweka apu daraja gani:

```
adb shell am get-standby-bucket com.google.android.apps.photos
```

10 ni apu inayotumika sasa hivi, 40 ni ya nadra, 45 imebanwa.

Kanju
Mbona mnahangaika? Mimi natumia Syncthing, picha zinakwenda kwenye kompyuta yangu, sitegemei kampuni ya mtu.

Baharia_7
Na ukifuta picha kwenye simu, kule inabaki?

Kanju
Inafutika, labda uwashe kuhifadhi matoleo ya zamani. Lakini data ni yangu.

Baharia_7
Basi hiyo si bakapu. Mama akibonyeza vibaya zimeenda kote kuwili.

Kanju
Nimesema kuna matoleo ya zamani, hujasoma.

Nassor
Mimi pia yangu haipandishi. Za kamera zipo zote ila za WhatsApp hata moja. Nimefungiwa?

FundiKelele
Hapana Nassor, yako ni tofauti. Apu ikifungiwa zinakosekana zote kuanzia tarehe fulani. Wewe unakosa folda moja, ina maana hujaichagua. Ingia mipangilio ya bakapu, `Back up device folders`, washa ya WhatsApp.

BintiPwani
Nimerudi. Nimepima kama ulivyosema, asubuhi picha zote tatu hazipo. Ile amri imetoa 40. Nikafungua apu, zikapanda palepale.

FundiKelele
40 peke yake isingezuia simu ikiwa kwenye chaji. Hapo ni kizuizi cha mtengenezaji. Ingia taarifa za apu, upande wa betri chagua isiwekewe vizuizi, kisha zima ile swichi ya kusimamisha apu isiyotumika. Rudia kipimo.

BintiPwani
Nimerudia usiku wa jana, zimepanda zote tatu bila kugusa apu. Sasa kwa simu mpya nichukue ipi?

FundiKelele
Mimi ningechukua Samsung, kwa sababu moja: ukiiweka Google Photos kwenye `Never auto sleeping apps` umemaliza, ni sehemu moja. Redmi ni `Autostart`, halafu tena betri `No restrictions`, sehemu mbili tofauti.

Baharia_7
Dakika mbili tu zote hizo. Redmi yangu inapandisha vizuri.

Rehema_wa_Juu
Umeipima bila kufungua apu?

Baharia_7
Nitapima leo usiku.

Nassor
Za WhatsApp zimeanza kupanda, ahsante. Ila sasa nafasi inajaa, zile GB 15 za bure zinagawanywa na barua pepe pia?

Kanju
Ndiyo, na Drive pia. Ndiyo maana nikasema Syncthing.

BintiPwani
Na mfumo ukijisasisha, hayo mapendeleo yanabaki au nitakuwa napima upya kila mara? Mama anaishi mbali nami.