Lori linaruka mbele halafu linarudi nyuma kwenye ramani: tatizo ni kifaa au seva yangu?

Kinyozi_wa_Kodi:
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza mfumo wa kufuatilia malori ya kampuni moja hapa Dar. Malori yapo 40, njia yao ni Dar hadi Tunduma. Vifaa ni vile vya Kichina vya ukoo wa GT06, kila kimoja kina laini yake na kinatuma pointi kila sekunde 10. Seva nimeiandika kwa Node.js, inapokea pakiti na kuzimwaga kwenye PostgreSQL, jedwali moja tu linaitwa `pointi`. Ramani ni Leaflet, na brauza inaiuliza seva kila sekunde 5.

Lori likiingia vipande visivyo na mtandao kati ya Mikumi na Kitonga, alama inaganda, hilo naelewa. Mtandao ukirudi alama inatokea Ilula, halafu ghafla inarudi Mikumi na kuanza kupanda upya mbio kama ndege. Juzi bosi kampigia dereva kumuuliza kageuza kufuata nini. Dereva wa watu alikuwa Ilula anakula.

La pili, mwanzoni ramani ilifunguka papo hapo, sasa hivi nangoja sekunde kadhaa. Hii ndiyo `SELECT` ninayotumia:

```sql
SELECT DISTINCT ON (imei) *
FROM pointi ORDER BY imei, id DESC;
```

Nawasilisha.

Mtoto_wa_Gongolamboto:
Weka indeksi kwenye `imei` na `id` mkuu, kazi imeisha. Mimi kila mfumo ukizubaa dawa ni hiyo.

Kinyozi_wa_Kodi:
Ipo tangu mwanzo mkuu. Imesaidia kidogo, sasa imerudi kule kule.

Mzee_wa_Poti:
Kijana, kifaa chako hakina kosa, kinafanya kazi yake vizuri tu. Mtandao ukikatika kinaweka pointi kwenye kumbukumbu yake. Ukirudi, vingi vinatuma kwanza mahali gari lilipo sasa, ndipo vinamwaga zile za akiba. Ndiyo maana unaona Ilula kwanza, Mikumi baadaye.

Wewe sasa unapanga kwa `id`, na `id` inakuambia pakiti ipi iligonga mlango mwisho, haikuambii gari lilikuwa wapi mwisho. Pointi ya Mikumi imechukuliwa na kifaa saa 5 asubuhi ikaingia kwako saa 7, kwa `id` inaonekana mpya kuliko ya Ilula. Ndani ya kila pakiti ya mahali kuna tarehe na saa aliyoisoma GPS, baiti sita: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Hiyo ndiyo saa ya kupangia. Saa ya kufika kwenye seva iweke kwenye kolamu yake, utaihitaji.

Kuhusu kasi: malori 40 kila sekunde 10 ni mistari 345,600 kwa siku. Indeksi unayo, ila `DISTINCT ON` kwenye PostgreSQL hairuki kutoka lori moja kwenda jingine, inaipitia historia yote ili ikutolee mistari 40. Na unafanya hivyo kila sekunde 5, kwa kila brauza iliyofunguliwa. Usiiulize historia swali la sasa hivi. Tengeneza jedwali la pili lenye mstari mmoja kwa kila lori, `imei` iwe `PRIMARY KEY`:

```sql
INSERT INTO mwisho AS m (imei, saa_gps, lat, lon)
VALUES ($1, $2, $3, $4)
ON CONFLICT (imei) DO UPDATE
SET saa_gps = EXCLUDED.saa_gps,
    lat = EXCLUDED.lat,
    lon = EXCLUDED.lon
WHERE EXCLUDED.saa_gps > m.saa_gps;
```

Huo mstari wa `WHERE` ndio wenye kazi. Pointi ya zamani ikija inaingia kwenye `pointi` kama historia, lakini `mwisho` haiguswi. Ramani isome `mwisho` tu.

Boda_Digital:
Wakuu mimi nina shida kama hii hii. Nimefunga pikipiki 6 Kigamboni, zote zinaonekana Ethiopia, maeneo ya Goba huko. Nibadilishe laini?

Mzee_wa_Poti:
@Boda_Digital si shida hii hii hata kidogo, na laini haihusiki. Longitudo yako ipo sawa, latitudo umeikosesha alama ya kutoa. GT06 haitumi namba hasi: inatuma namba tupu unayogawa kwa 1,800,000, na upande wa ikweta unausoma kwenye baiti mbili za mwelekeo wa gari. Biti ya 10 ikiwa 0 upo kusini, weka hasi. Fungua uzi wako tuendelee huko.

Kaka_Seva_Rahisi:
Mnahangaika bure. Weka Traccar, ni ya bure, GT06 inaisikiliza poti 5023, na hiyo habari ya pointi ya zamani kutofunika mpya imo ndani tayari.

Kinyozi_wa_Kodi:
@Kaka_Seva_Rahisi naijua, bosi anataka iungane na mfumo wake wa mizigo.

Kaka_Seva_Rahisi:
Si unaiachia Traccar ipokee, kisha unaweka `forward.url` ikusukumie kila pointi? Kusoma baiti kwa mkono mwaka huu ni kujitesa. Akiba ikimwagika, `data` moja ya Node inaweza kuja na pakiti kumi zimeshikana, au nusu ya pakiti. Hilo umelishughulikia?

Mzee_wa_Poti:
Hapo ana hoja. Kama hukati kwa urefu ulioandikwa baada ya `78 78`, utakuwa unapoteza pointi za akiba kimya kimya. Utajua kwa kuangalia njia ya lori kwenye historia: kipande cha Mikumi kitakuwa na mashimo hata baada ya mtandao kurudi.

Dada_Ramani:
Upande wa ramani, usimwonyeshe bosi alama moja kwa hali zote. Pointi mpya zinaingia na kasi ni sifuri, hilo limepaki. Hakuna kilichoingia dakika 10, hilo hatujui lilipo, lipake kijivu na uandike "mara ya mwisho kuonekana" na saa. Simu za kumgombeza dereva zitapungua. Na usifute alama zote kila mara na kuzichora upya, ramani inapepesa. Shika alama ile ile, ihamishe kwa `setLatLng`.

Mtoto_wa_Gongolamboto:
Na aache kuuliza kila sekunde 5, ahamie `WebSocket`.

Dada_Ramani:
Kwa mistari 40 sioni haja. Tukubaliane kutokubaliana.

Kinyozi_wa_Kodi:
Wakuu, jedwali la `mwisho` limeingia jana. Ramani inafunguka mara moja na malori hayarudi tena Mikumi. Mzee, mashimo yapo kweli, leo narekebisha ukataji wa pakiti.

Ila lori moja limeganda Makambako tangu usiku, na kwenye `pointi` naona linaingiza kama kawaida, lipo Mbeya.

Mzee_wa_Poti:
Angalia `saa_gps` yake kwenye `mwisho`.

Kinyozi_wa_Kodi:
Duh. Inasema mwaka 2036.

Mzee_wa_Poti:
Kifaa kilituma tarehe mbovu mara moja, na tangu hapo hakuna pointi inayoweza kuishinda. Futa huo mstari, na kwenye seva kataa chochote kilichopita `now()` kwa zaidi ya dakika 5.

Kinyozi_wa_Kodi:
Nikifanya hivyo malori mawili yatapotea kabisa, yapo mbele saa 3 kamili muda wote.

Mzee_wa_Poti:
Hayo yanatuma saa za kwetu badala ya UTC. Yatumie SMS `GMT,E,0,0#`.

Kaka_Seva_Rahisi:
Mimi kuna vifaa vinajibu OK na saa haibadiliki. Nilimaliza kwa kuvipunguzia saa 3 kwenye seva, kwa IMEI. Siipendi njia hiyo, ila sijapata nyingine. Kinyozi, ukituma leta majibu.