Sindano ya testosteroni pajani: kivimbe paja la kulia, na siku za mwisho nguvu zinaisha

Mtulivu46
Wakuu, naomba ushauri. Daktari aliniandikia testosteroni sipionati, miligramu 200 kila wiki mbili, baada ya vipimo viwili vya asubuhi kuonyesha iko chini. Muuguzi alinifundisha kujichoma pajani, na huu ni mwezi wa tano.

Paja la kulia limeota kivimbe kigumu, kikubwa kama ncha ya kidole gumba. Si chekundu wala hakina joto, ila nikikibonyeza kinauma. Nachoma upande huo kila mara kwa sababu mkono wa kulia ndio wenye nguvu. Halafu kuanzia siku ya 11 nakuwa na hasira za bure, usingizi unakatika, na kwa mke wangu sina hamu kabisa. Tena vichupa niliviweka kwenye friji, na juzi nimekuta chembe nyeupe chini ya kimoja. Nikitupe?

Fundi_Mbao
Mkuu, usitupe. Hiyo ni dawa imeganda kwa baridi. Kipashe viganjani huku ukikitikisa, chembe zitayeyuka. Na huo uchovu dawa yake ni rahisi: choma siku ya 10, usingoje ya 14. Mimi nafanya hivyo.

Baba_Mtarajiwa
Mimi nilichoma mwaka mzima nikidhani itanisaidia kupata mtoto. Kumbe mbegu zilishuka karibu na sifuri, kwa sababu mwili ukipata homoni ya nje unaacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Kama bado unataka mtoto, mwambie daktari mapema.

Mtulivu46
Pole sana ndugu. Sisi watoto tunao, tumeshafunga ukurasa huo.

Dada_Wodini
Kaka Mtulivu, kabla sijasema lolote: sindano unaizamisha yote au unabakiza?

Mtulivu46
Dada, nabakiza kama theluthi. Naogopa kugusa mfupa.

Dada_Wodini
Basi hapo ndipo penye shida. Sindano ya milimita 25 ikiingia nusunusu, mafuta ya dawa yanabaki kwenye mafuta ya chini ya ngozi badala ya kufika kwenye msuli. Yanakaa hapo kama donge, na wewe wiki mbili baadaye unachoma palepale. Izamishe yote, wima, kisha sukuma taratibu, mililita moja ichukue sekunde 10 au zaidi.

Kaa kwenye kiti, mguu ulegee. Weka kiganja kimoja juu tu ya goti na kingine chini ya mfupa wa nyonga. Eneo lako ni kati ya viganja hivyo, upande wa nje, pale mshono wa suruali unapopita. Usihamie mbele wala ndani ya paja, kwenye mishipa mikubwa. Chagua sehemu tatu kila paja, zipishane sentimita 3, na ubadilishe kushoto na kulia. Zikiwa sita, kila moja inapumzika wiki 12. Andika kwenye kalenda "kushoto juu", "kulia kati", kwa sababu utasahau. Kivimbe chenyewe kiache, usikichome wala kukikanda kwa nguvu. Kikianza kuwa chekundu, kupata joto na kupanuka, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwenye chembe, Fundi yuko sahihi. Zisipoyeyuka zote baada ya kupashwa, usiitumie. Vingine vitoe kwenye friji, viweke kwenye boksi lake kabatini, nyuzi 20 hadi 25, watoto wasifikie. Mafuta ya baridi ni mazito pia, na yanauma zaidi.

Ila kuchoma siku ya 10, Fundi, hapana. Miligramu 200 kwa siku 14 ni kama 14 kwa siku. Kwa siku 10 ni 20. Umeongeza dozi karibu nusu bila daktari kujua, na damu inaweza kuwa nzito.

Fundi_Mbao
Mimi najisikia vizuri, lakini.

Dada_Wodini
Uzito wa damu huusikii, kaka. Pima hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Ikipita asilimia 54, dawa husimamishwa kwanza.

Mtulivu, dawa hupanda juu siku chache za mwanzo kisha hushuka, ndiyo maana siku ya 11 inakuangusha. Muulize daktari kuhusu miligramu 100 kila wiki. Jumla ni ileile, ila mabonde yanapungua.

Mtulivu46
Asante dada. Leo nimechoma kushoto kati, sindano yote, sikugusa mfupa. Daktari namwona Jumatatu. Je, kabla ya kusukuma nivute kidogo kuangalia damu? Mmoja alinifundisha hivyo, mwingine akasema si lazima.

Dada_Wodini
Hata sisi wodini tunabishana hapo. Mimi bado navuta. Ukiona damu, toa, tupa, anza na sindano mpya.

Fundi_Mbao
Mimi sijawahi kuvuta. Hematokriti nitapima wiki hii.