Nilipe divelopa 180,000 kwa apu ya omena, au nichore kwanza kwa karatasi?

Kijana_wa_Kondele: Wadau, habari za jioni. Nina wazo la apu. Muuza omena wa soko la Kibuye, Kisumu, anafungua simu, anaona bei ya gunia leo kwenye fukwe za Usenge, Mbita na Luanda K'Otieno, kisha anaagiza bila kusafiri. Divelopa anataka 180,000, nusu kabla hajaanza. Nilituma fomu ya Google kwenye vikundi vitatu vya WhatsApp, watu 64 wakajibu, na 58 wamesema wangeitumia. Si hiyo inatosha? Rafiki yangu anasisitiza nichore skrini zake kwa karatasi kwanza, nami naona ni mchezo wa watoto.

Mchora_Skrini: Kati ya hao 64, wangapi huuza omena?

Kijana_wa_Kondele: Kusema kweli, labda wanne. Wengine tulisoma nao chuo.

Mchora_Skrini: Basi una majibu manne, na hata hao uliwauliza swali ambalo kulijibu "ndiyo" hakumgharimu mtu kitu. Mtu mwenye adabu hakukatishi tamaa. Uliza yaliyokwisha kutendeka. Mara ya mwisho ulinunua omena lini, na wapi? Ulijuaje bei kabla ya kuondoka? Mbali na bei ya omena yenyewe, ulilipa nini kingine: nauli, mbeba mizigo, malazi? Safari ya mwisho iliyokutia hasara ilikuwa lini, na ulipoteza ngapi? La tano halina haja ya kuulizwa, tazama tu ana simu gani mkononi. Akiwa na kabambe, andika kabambe. Na usitaje apu mpaka umalize, maana ukishaitaja, majibu yote yatainamia huko.

Mhasibu_Milimani: Maswali ni mazuri, lakini idadi ndiyo muhimu. Tumia fomula ya Yamane, n = N / (1 + N e²). Tuseme wauzaji ni 1,000 na kosa ni 0.05, unapata watu 286 wa kuhoji. Chini ya hapo unabahatisha.

Mchora_Skrini: Hesabu yako iko sawa, ila hiyo ni kazi ya anayeandika tasnifu. Huyu anataka kujua kama atoe pesa au asitoe. Achukue 30. Tuseme 12 wana hasara ya safari ya mwezi uliopita. Hiyo ni asilimia 40, na kwa watu 30 ukweli unaweza kuwa popote kati ya 22 na 58 hivi. Kwa ripoti ni ovyo, lakini hata kwenye 22 shida ipo. Akipata wawili tu kati ya 30, hao wengine 256 hawatamwokoa.

Kinachoharibu zaidi ni namna ya kuwapata. Ukihoji anayekuita mezani kwake, utapata wasio na wateja siku hiyo. Anza mlangoni, hesabu meza, hoji kila ya nne. Hata hizo asilimia nilizotaja zinasimama tu ukichagua hivyo.

Mhasibu_Milimani: Siku akienda kuomba mkopo, hao 30 watachekwa.

Mchora_Skrini: Hapo nakubali.

Nakuru_Viazi: Ndugu, 180,000 ni nyingi. Mimi ya kwangu ya viazi vya Molo nilijengewa kwa 90,000. Nikupe namba yake?

Mchora_Skrini: Swali si bei ya divelopa. Apu isiyotakiwa, hata ya 90,000 ni ghali.

Nakuru_Viazi: Sawa, ila karatasi haiwezi kuonyesha bei inavyobadilika.

Mama_Omena_Kibuye: Wacha niseme kama mwenye meza. Usije Jumapili, hiyo ndiyo siku ya soko kubwa na hakuna atakayekusikiliza. Njoo katikati ya wiki, baada ya saa nane mchana. Usivae kadi shingoni wala kushika ubao wa fomu. Watu watadhani ni mradi wa msaada, na kila mtu ataongeza shida zake kidogo.

Tena angalia mwezi angani. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki. Mzigo unapungua, bei inapanda, na wiki hiyo kila meza italalamika. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa, kwa hiyo majibu ya Mei si majibu ya Septemba.

Lakini mwanangu, bei si shida. Nampigia dada yangu ufukweni, ananiambia. Shida ni gunia. Juu omena safi, katikati mchanga na ile iliyonyeshewa. Apu yako itanionyesha katikati ya gunia?

Kijana_wa_Kondele: Aisee. Mama, asante. Hilo sikulifikiria kabisa. Basi hiyo karatasi inafanywaje?

Mchora_Skrini: Kata A4 vipande vinne. Kila kipande kitazidi simu kidogo kwa upana, na hiyo inafaa. Chora kwa kalamu nene ili usiweze kubana maneno. Vipande sita vinatosha: fukwe na bei, ufukwe mmoja, idadi ya magunia, malipo, uthibitisho, na kimoja ambacho wengi husahau, "mzigo haukufika". Kwa maneno ya mama, ongeza cha saba, hali ya gunia.

Mwende wawili. Mmoja anageuza vipande kama vile yeye ndiye simu, haongei. Mwingine anaandika. Mpe muuzaji kazi moja: "Kesho unahitaji magunia mawili. Agiza." Kisha nyamaza. Akiuliza abonyeze wapi, mrudishie: wewe ungebonyeza wapi? Watano wa kwanza watakuonyesha makosa makubwa. Chora upya, halafu tafuta wengine watano.

Andika kidole kilisita wapi, neno gani lilisomwa mara mbili, na hasa maswali yake. Akifika kwenye malipo akauliza "pesa inaenda kwa nani?", usimjibu. Hilo swali ndilo ulilolifuata. Akitafuta gorogoro mahali ulipoandika gunia, ujue ulikosea kipimo. Usipake rangi wala kupamba. Mchoro ukionekana umekamilika, watu husifu badala ya kukosoa.

Nakuru_Viazi ana hoja. Karatasi haipimi mtandao, bando, wala kama mtu atarudi wiki ijayo. Hayo yapime kwa simu yako. Kwa wiki mbili pigia simu fukwe tatu alfajiri, watumie bei wauzaji kumi kwa SMS, na wiki ya pili waombe shilingi 20 kwa M-Pesa. Kabla ya kuanza, andika mahali: wakilipa chini ya wanne, naacha. Ukingoja matokeo ndipo uweke kiwango, utakishusha. Na ukichukua namba zao, waambie ni za nini na wakubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama una daftari tu.

Mama_Omena_Kibuye: Shilingi 20 kwa bei ambayo dada yangu ananipa bure? Mimi silipi.

Mhasibu_Milimani: Si kila mtu ana dada ufukweni.

Mchora_Skrini: Hilo ndilo swali la sita. Kijana, ongeza: "Ni nani hukupigia bei?" Kama 25 kati ya 30 wana mtu wao, apu ya bei imekufa kabla divelopa hajaandika hata mstari mmoja.

Kijana_wa_Kondele: Nimeongeza. Mama, kwa sasa ni nani hukufungulia gunia na kulikagua?

Mama_Omena_Kibuye: Hakuna. Dada husema bei tu, ana wateja wengi. Ndiyo maana bado napanda matatu.