Mrejesho: SF4 ina ncha, XeF4 haina, sasa nimeona kwa nini

Niliuliza: “SF4 na XeF4 zote zina florini nne. Mbona ya kwanza ina ncha za umeme na ya pili haina?”

Asanteni sana ndugu zangu. Kosa langu lilikuwa kuhesabu miungo tu na kuzisahau jozi pweke za atomi ya kati.

Salfa ina elektroni 6 za nje. Nne zinaungana na florini, zinabaki 2, yaani jozi pweke moja. Jumla ni jozi 5: tatu kiunoni, moja juu, moja chini. Hapo ndipo nilipokwama kabisa: jozi pweke ikae wapi? Jana hapa Jinja nilichomeka njiti tano kwenye kiazi kitamu, nikaona kwa macho. Ikikaa juu, inabanana na jozi tatu kwa nyuzi 90. Ikikaa kiunoni, inabanana hivyo na mbili tu, kwa hiyo hukaa kiunoni. Florini zote zinaelemea upande mwingine, mivuto yao haifutani, na molekyuli inakuwa na ncha. Dada aliyenijibu alisema jozi pweke hutanuka kuliko jozi ya muungo, na kweli: pembe ya florini mbili za kiunoni hushuka kutoka 120 hadi karibu 102.

Zenoni ina 8. Zikitumika 4, zinabaki jozi pweke mbili, nazo hukaa mkabala, juu na chini. Florini zinabaki mraba bapa, kila moja ikifuta mvuto wa mwenzake wa ng'ambo.