Madaktari, hii "od" yenu inasomeka sifuri! Mtaandika lini kama watu?

KauntaMbarara (mfungua uzi)

Leo sibembelezi mtu. Mgonjwa analetwa na boda, ameshika kile kitabu cha shule cha kurasa 32 ambacho sote hapa Uganda tunakinunua kabla ya kuingia kituo cha afya. Ndani kuna mistari miwili ya dawa. Nimeinakili jinsi ilivyo, mawimbi ni pale mkono wa daktari ulipogeuka nyoka:

```
Propranolol 40mg tds 1/12
Carb~~~~~~ 20od 1/12
```

Mstari wa kwanza sina ugomvi nao: propranololi ya mg 40, mara tatu kwa siku, mwezi mmoja. Hasira yangu iko kwenye wa pili. Baada ya "Carb" kuna wimbi, nukta moja inayoelea hewani, na mkia mmoja unaoshuka chini ya mstari. Basi. Hiyo ni `carbimazole` au ni `carbamazepine`? Moja ni ya tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, nyingine ni ya kifafa. Haya, tuangalie kipimo kitusaidie. Hakuna "mg"! Na ile o ya "od", yaani mara moja kwa siku, imebanwa kwenye 20 mpaka mtu anasoma 200, halafu d imebaki peke yake kama yatima.

Mnaona mtego ulipo? Ukisoma 20, kabimazoli inakubali, ni kipimo cha kawaida kwa mtu mzima anayeanza. Ukisoma 200, kabamazepini nayo inakubali, maana kidonge chake cha kawaida ni mg 200 na mtu anaweza kuanzishwa kimoja kwa siku. Kosa likifanyika halitoi hata harufu. Mwenye tezi atakwenda nyumbani na dawa ya kifafa, asinzie, apate kizunguzungu, pengine ngozi ianze kuchubuka, na moyo wake uendelee kwenda mbio kama jana. Ukigeuza, mwenye kifafa ataanguka motoni.

Herufi moja. Kuacha nafasi ya upana wa kidole kati ya 20 na "od" kunagharimu wino gani?

Mwanabusia

Dada Kaunta, mbona unahangaika na jambo dogo? 1/12 maana yake ni moja kila masaa 12. Kwa hiyo anakunywa asubuhi na jioni, na hiyo d ni ya "day". Nimefanya kazi duka la dawa miaka.

KauntaMbarara

Ndugu yangu, hapana! Namba ya chini inasema ni kipande gani cha muda: /7 ni siku, /52 ni wiki, /12 ni miezi. 5/7 ni siku tano, 2/52 ni wiki mbili, 1/12 ni mwezi mmoja. Ukimpa huyu kwa kila masaa 12 umemzidishia dozi mara mbili. Tazama mstari wa kwanza: "tds 1/12". Atakunywaje mara tatu kwa siku na papo hapo kila masaa 12?

Mwanabusia

Sawa, hapo kwenye tds umenishika. Lakini 5/7 watu wanasoma tarehe tano mwezi wa saba, mimi nimeona.

Mama Zaituni

Mimi na "od" tuna kesi ya muda mrefu. Mama yangu ana presha ya macho, cheti chake cha dawa ya matone kimeandikwa "OD bd". Duka la kwanza wakasema mara moja, la pili wakasema mara mbili, la tatu wakasema daktari amechanganyikiwa. Sasa naona mnaongelea od, nisaidieni, ni mara ngapi? Jicho moja ndilo linauma.

Mzee wa Famasia

Mama Zaituni, shikamoo. Kwenye dawa za macho OD ni jicho la kulia, kwa Kilatini. Bd ni mara mbili kwa siku. Kwa hiyo ni jicho la kulia, asubuhi na jioni, ila mwulize daktari wake kama jicho hilo ndilo alilokusudia. Herufi zilezile kwenye vidonge zinamaanisha mara moja kwa siku. Ndiyo maana mimi ningezifuta kabisa.

Sasa Kaunta, binti yangu, hasira ni haki yako, lakini umeanza kusoma kwa kubahatisha jina, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukishasema "kabamazepini" kichwani, jicho litaona kabamazepini. Funika mstari wa juu. Chukua karatasi nyingine uandike kwa herufi kubwa zile tu unazoweza kuziapia, na dashi kwa zisizoeleweka. Kisha tafuta vitu vitatu: minara inayopanda, mikia inayoshuka, na nukta.

`carbimazole` ina mnara wa b, halafu mnara wa l karibu kabisa na mwisho. Nukta yake ya i inakuja mara tu baada ya b. `carbamazepine` baada ya b haina mnara mwingine, ina mkia wa p, na nukta yake iko upande wa kulia, baada ya p. Mkia mmoja peke yake usikudanganye, maana wengi wetu tuliofundishwa mwandiko wa kuunganisha tunaishusha z chini ya mstari. Kama ni kabamazepini utegemee mikia miwili, au angalau z iliyokatwa juu ya mstari na p inayoshuka.

Halafu ile o. Kitabu cha shule kina mistari, kitumie. Tarakimu za mtu huwa ndefu kuliko herufi zake ndogo. Kama duara hilo linafika kichwa cha 2, ni sifuri. Kama linaishia nusu na limeunganishwa na d kwa kamba ya wino, ni o. Linganisha na 0 ya 40 hapo juu, mkono ni uleule.

Nukta iko wapi?

KauntaMbarara

Juu ya z! Katikati kabisa, Mzee. Haikubali huku wala kule.

Mkia ni mmoja. Kabla ya e ya mwisho kuna kitu kimejiinua kidogo, lakini kukiita mnara ni kukipa heshima ya bure. Duara liko nusu ya urefu wa 2, na lina kamba inayoingia kwenye d. Sifuri ya 40 imefika juu na imefungwa vizuri. Kwa hiyo hilo nakubali: ni 20, halafu od.

Mzee wa Famasia

Mwandishi wa haraka nukta yake huchelewa. Mkono umeshatangulia kulia anapokumbuka kuirudishia. Kwa hiyo nukta iliyo juu ya z ina uwezekano mkubwa kuwa imetoka kushoto kuliko kulia, lakini hilo ni kisio, siyo ushahidi wa kufungulia chupa.

Okello_77

Mbona mnazunguka? Kuna propranololi hapo juu. Propranololi hupewa watu wa tezi kutuliza moyo. Basi ni kabimazoli, toa dawa, foleni isogee.

Mzee wa Famasia

Nusu ya neno lako ni kweli. Inapewa watu wa tezi, ndiyo. Inapewa pia watu wa kipandauso, wa presha, hata wa kutetemeka mikono. Mtu mwenye kifafa hazuiwi kuumwa kipandauso. Dawa jirani inakuonyesha upande wa kutazama, haikusainii cheti.

Dokta Mchovu

Ngoja nami niseme, kwa sababu naona tunasulubiwa. Wewe Kaunta unaona cheti kimoja. Sisi tunaandika kwenye goti, kalamu ya mgonjwa, foleni imefika chini ya mwembe. Nakubali "20od" bila mg ni aibu, hata mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya unataka jina la dawa kamili, lisifupishwe. Lakini mbona hujatuambia kuna nini juu ya hiyo mistari ya dawa? Maelezo ya ugonjwa ndiyo ya kusoma kwanza.

KauntaMbarara

Juu kuna "palps, LOW" na "HR 124". Nilidhani anasema kitu fulani kiko chini.

Dokta Mchovu

LOW ni kupungua uzito. Palps ni moyo kudunda mpaka mtu anausikia. HR ni mapigo ya moyo, 124 kwa dakika. Moyo mbio, mwili unakonda, propranololi: hiyo ni tezi. Mimi ningetoa kabimazoli.

KauntaMbarara

Kwa hiyo ili nisome neno moja lenu lililofupishwa inabidi mniletee mengine matatu yaliyofupishwa! Na LOW nayo ni neno kamili lenye maana yake. Mnafanya makusudi?

Mzee wa Famasia

Dokta, nakubaliana na wewe kuhusu ugonjwa, sikubaliani kuhusu kutoa. Apigiwe aliyeandika. Na Kaunta, namna ya kuuliza ina kazi yake. Usimwulize "ni kabimazoli?", maana mtu mwenye haraka atajibu "ee, hiyohiyo" hata kabla hujamaliza. Mwulize: "Mstari wa pili uliandika dawa gani, miligramu ngapi, na vidonge vingapi kwa jumla?" Aseme yeye. Mgonjwa vivyo hivyo. Usimwambie "una kifafa?", atatikisa kichwa kwa adabu. Mwulize daktari alimwambia anaumwa nini.

Hesabu ya vidonge ndiyo kufuli la mwisho. Mg 20 kila siku kwa vidonge vya mg 5 ni vinne kwa siku, kwa siku 30 ni vidonge 120. Kabamazepini kimoja kwa siku ni 30. Angeandika tu hiyo 120 pembeni, uzi huu usingekuwepo.

Akithibitisha, andika kitabuni jina lake, saa, na neno lote kwa herufi kubwa. Na umwambie mgonjwa: homa au koo kuuma ghafla akiwa kwenye kabimazoli, aache dawa na arudi hospitali siku hiyohiyo, apimwe damu. Dawa hiyo inaweza kuangusha chembe nyeupe.

Okello_77

Na simu isipopatikana? Mtu katoka mbali. Mpe propranololi tu arudi kesho.

Mzee wa Famasia

Propranololi imesomeka, haina utata. Kama hana pumu, mimi ningempa.

Dokta Mchovu

Mimi nisingempa nusu ya matibabu. Akitulia moyo hatarudi kuchukua ya tezi. Nawajua.

Mama Zaituni

Jicho linalouma ni la kushoto.

Mzee wa Famasia

Basi mama, usitie tena mpaka umwone daktari kesho asubuhi. Nenda na chupa na cheti.

KauntaMbarara

Mgonjwa anasema aliambiwa "shingo". Namba ya daktari ameiandika chini ya sahihi, kwa mkono uleule. Tarakimu ya mwisho ni 1 au 7. Nimelinganisha na zile 1 za "1/12": zote ni fimbo tupu, na hii ina kofia. Ni 7. Napiga.